Kisima cha Manyatta: shajara ya kupima maji, kusoma majibu na kurekebisha

11 Februari 2025: hali ya kisima kabla ya kupima

Kisima hiki kiko Manyatta, Kisumu, na kilichimbwa kwa mikono. Mdomo wake una upana wa mita 1.2, kimejengewa pete za zege, na wakati huu wa kiangazi kina cha maji ni mita 2.1. Kaya zinazokizunguka huchota kwa ndoo na kamba. Maji ya mfereji yanauzwa kwenye kioski kilicho ng'ambo ya barabara kwa shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20, nayo ya kisima ni shilingi 2 za kukitunza, kwa hiyo nyumba nyingi hununua ya kunywa siku zenye pesa na kunywa ya kisima siku nyingine. Ushauri wowote usiozingatia jambo hilo hautafuatwa.

Kabla ya kulipia vipimo tulikagua mazingira kwa macho, kwa kuwa ukaguzi hautozwi chochote na ndio unaomwambia mtu apime nini. Choo cha shimo kilicho karibu zaidi kiko mita 11 upande wa juu wa mteremko, ilhali umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30. Sakafu ya saruji inayozunguka mdomo ina ufa unaopitisha ncha ya kidole, nao umeelekea moja kwa moja kwenye pete ya kwanza. Maji yanayomwagika hutuama pale pale wachotaji wanaposimama, na ndoo huwekwa chini kwenye tope hilo kabla ya kuteremshwa tena kisimani.

Kamati ya kisima ina ripoti ya mwaka uliopita iliyobandikwa ukutani ikisema kwamba maji yanafaa. Ripoti hiyo haikupima bakteria hata kidogo. Tumekubaliana kupima bakteria wa kinyesi aitwaye E. koli, nitrati, kloridi, floridi, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme, na kupima pia kisima kingine kilicho juu zaidi ya choo hicho ili tuwe na cha kulinganisha.

18 Februari 2025: kuchukua sampuli

Sampuli za kwanza zilikataliwa na maabara. Barafu ilikuwa imeyeyuka njiani na chupa zilifika jioni zikiwa na joto la mchana, hali inayoweza kuwaua bakteria au kuwazidisha, na jibu lake lisingekuwa na maana yoyote. Tulipoteza nauli na shilingi 300 za chupa zilizotakaswa. Mara ya pili tulichukua sampuli asubuhi mapema, tukazipanga katika kasha lenye vipande vya barafu pande zote, na kuzifikisha kabla ya muda wa saa sita kupita tangu kuchota, muda ambao ndio salama zaidi kwa kipimo cha bakteria.

Tulichota sampuli mbili za bakteria katika kisima hicho kimoja. Ya kwanza ilichotwa kwa chupa iliyotakaswa, ikafungiwa jiwe safi na kuteremshwa bila kugusa ukuta. Ya pili ilimiminwa kutoka kwenye ndoo ya mchotaji jinsi ilivyo. Tulitaka kujua ni uchafu kiasi gani unaotoka ardhini na ni kiasi gani unaoletwa na ndoo.

Gharama: bakteria shilingi 1,500 kwa kila sampuli, nazo zilikuwa tatu, vipimo vya kemikali shilingi 3,800 kwa kila kisima, navyo vilikuwa viwili. Jumla ni shilingi 12,100 bila nauli.

26 Februari 2025: majibu ya kwanza

Kiwango cha kitaifa cha maji ya kunywa kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kijulikanacho kama KS EAS 12, hakiruhusu E. koli hata mmoja katika mililita 100 za maji. Chupa iliyoteremshwa kisimani ilikuwa na E. koli 84, na ile ya ndoo ilikuwa na 130. Kisima cha juu ya choo kilikuwa na 6. Bakteria huyu huishi matumboni mwa watu na wanyama, na akionekana majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia karibuni, kwa kuwa hadumu muda mrefu nje ya utumbo.

Nitrati ilikuwa miligramu 63 kwa lita. Kikomo cha KEBS ni 45, na cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Kisima cha juu kilikuwa na 17.

Floridi, ambayo huwasumbua wenzetu wengi wa upande wa Nakuru kwa sababu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, hapa ilikuwa 0.7, chini ya kikomo cha 1.5. Pia pH ya 6.7 haina tatizo.

Jibu ambalo watu wengi wangelipita ni la kloridi, miligramu 96 kwa lita, kwa kuwa kikomo chake ni 250 na mbele yake maabara iliandika kwamba inafaa. Inafaa kweli, na haimdhuru mnywaji. Hata hivyo, kisima cha juu kina 21 tu. Chumvi hii hutoka kwa wingi kwenye mkojo na hupenya udongoni bila kuzuiwa na chochote, hivyo nitrati na kloridi zikipanda pamoja katika kisima kimoja huku jirani yake akiwa nazo kidogo, chanzo kinachoshukiwa kwanza ni choo. Kama nitrati pekee ndiyo iliyopanda, tungeuliza kuhusu mbolea za mashamba. Kikomo humwambia mtu kama maji yanadhuru, lakini hakimwambii yamepitia wapi, na swali hilo la pili hujibiwa kwa kulinganisha visima.

4 Machi 2025: ripoti mbili zinazoonekana kupingana

Kwenye mkutano wa kamati palitokea mzozo wa haki kabisa. Ripoti ya mwaka uliopita ilisema nitrati ni 14.2, na yetu inasema 63. Mwenyekiti aliuliza, "Mwalimu, kwa mwaka mmoja tu maji yameharibika mara nne, au kuna mtu aliyetudanganya?" Baadhi ya wanakamati walitaka majibu mapya yatupwe, maana ya zamani yalikuwa na muhuri.

Tulizitandaza karatasi zote mbili mezani na kusoma vizio, si namba peke yake. Ya zamani ilikuwa imeandika, kwa herufi ndogo mwisho wa mstari, "mg/L N", na mpya imeandika "mg/L NO3". Maabara ya kwanza ilipima uzito wa naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, nayo ya pili ilipima nitrati nzima pamoja na oksijeni yake. Atomu ya naitrojeni ina uzito wa 14, na nitrati nzima ina uzito wa 62, kwa hiyo ili kuhama kutoka kizio cha kwanza kwenda cha pili unazidisha kwa 4.43.

```
14.2 mg/L N x 4.43 = 62.9 mg/L NO3
```

Maji hayakubadilika. Ripoti ya zamani iliiweka 14.2 ya naitrojeni kando ya kikomo cha 45, ambacho ni cha nitrati nzima, ikatangaza kwamba maji yanafaa, na kwa mwaka mzima kaya hizi zimeamini karatasi hiyo. Kikomo cha 45 kikiandikwa kwa naitrojeni ni kama 10 tu. Yeyote atakayeiga kazi hii aangalie jambo hili kabla ya mengine yote: mbele ya nitrati paandikwe N au NO3, na kikomo kiwe cha kizio hicho hicho. Kama hapajaandikwa, aipigie maabara simu aulize, asikisie.

Karatasi ya zamani imeondolewa ukutani siku hiyo hiyo.

15 Machi 2025: kutia klorini kisimani

Kamati iliamua kuanza na hatua ya bei nafuu, yaani kukisafisha kisima kwa klorini nyingi ya mara moja. Tulitumia unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65, na tulilenga miligramu 50 kwa lita. Hesabu ilikuwa hivi:

```
Eneo la mdomo: 0.6 x 0.6 x 3.14 = 1.13 m2
Maji: 1.13 x 2.1 = 2.37 m3 = lita 2,370
Klorini: 2,370 x 50 mg = gramu 118.5
Unga: 118.5 / 0.65 = gramu 182
```

Unga ulipimwa kwa mizani ya dukani, juu ya karatasi ya plastiki, ukatiwa kidogo kidogo ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji. Maji hayamiminwi juu ya unga, kwa sababu huchemka na kuruka machoni. Mchanganyiko ulimwagwa kuzunguka kuta, maji yakakorogwa kwa kupandisha na kushusha ndoo, kisima kikafungwa mpaka kesho yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani, maana hewa ya kisima ni hatari hata bila klorini. Asubuhi tulichota na kumwaga, mbali na bustani na mtaro wa samaki wa jirani, mpaka vijikaratasi vya kupimia vilipoonyesha klorini iko chini ya 0.5.

Siku nne baadaye E. koli alikuwa sifuri. Chupa ya sampuli hiyo ilikuwa na chembe za thiosalfeti kutoka maabara, ambazo huiua klorini iliyosalia. Bila chembe hizo klorini ingeendelea kuua bakteria ndani ya chupa njiani, na sifuri ile ingekuwa ya chupa wala si ya kisima.

Gharama: unga shilingi 250, vijikaratasi 600, kipimo 1,500.

9 Aprili 2025: bakteria wamerudi

Mvua za masika zimeanza, na baada ya siku tatu za mvua mfululizo E. koli ni 71. Watu wamevunjika moyo, lakini matokeo haya yana jibu ndani yake. Klorini huyasafisha maji yaliyomo kisimani siku ile, na kesho maji mengine huingia. Kama njia ya uchafu iko wazi, kutia dawa tena ni kuchoma pesa.

Swali likawa ni njia ipi. Nitrati, tuliyoipima tena kwa shilingi 800, ilikuwa 61, karibu ile ile ya kiangazi, ilhali bakteria walipanda na mvua. Uchafu wa aina mbili ukienda kwa mwendo tofauti namna hii, yamkini unapita njia mbili. Nitrati husafiri polepole na maji ya ardhini kutoka chooni, na haichujwi na udongo wala haifi. Bakteria wengi huchujwa na kufa wakipita ardhini kwa muda mrefu, na wakifika kisimani kwa wingi mara tu mvua inyeshapo, huenda wamepitia njia fupi kutoka juu.

Tuliujaribu ule ufa wa sakafu kwa chumvi ya jikoni, maana maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Tuliyeyusha kilo 2 katika lita 40 za maji, tukazimwaga taratibu juu ya ufa, huku mtu mmoja akiteremsha chombo kidogo cha kupimia upitishaji umeme kila baada ya dakika tano. Mwanzo kilisoma 610 µS/cm. Dakika ya 25 kilikuwa bado 610, na vijana wakaanza kusema jaribio limeshindwa. Dakika ya 30 kilisoma 628, na dakika ya 40 kilikuwa 690. Maji yanayomwagika miguuni pa wachotaji yanaingia kisimani kabla mtu hajamaliza kufua nguo zake. Tulichota na kumwaga mpaka kipimo kikarudi 620, kwa kuwa hatukutaka kuwaachia watu maji ya chumvi.

3 Mei 2025: kuijenga upya sakafu

Fundi alibomoa sakafu yote. Kuziba ufa kwa saruji juu juu hakungefaa, kwa sababu chini yake udongo ulikuwa umeliwa na maji na kuacha pango. Alichimba kuzunguka pete ya juu kwa kina cha mita 1.5, akaziba viungo vya pete kwa saruji, akajaza udongo wa mfinyanzi uliolowa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Juu yake aliweka sakafu mpya yenye chuma, upana wa mita moja na nusu kila upande, yenye ukingo na mfereji wa kupeleka maji mita 6 kutoka kisimani.

Hitilafu moja ilijitokeza. Tulipomwaga ndoo ya maji juu ya zege lililokwisha kukauka, maji yalirudi upande wa mdomo na kutuama, kwa sababu mteremko ulikuwa umekisiwa kwa macho. Fundi aliongeza tabaka jembamba la saruji, safari hii akitumia bomba la maji la kupimia usawa, na maji yakakimbilia mferejini. Mteremko upimwe kwa bomba hilo siku ile ile ya kumwaga zege, likiwa bado bichi na linasawazishika. Sakafu ilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba, na kisima kikafungwa muda wote huo.

Pampu ya mkono ilikuwa nje ya uwezo wetu. Badala yake tumeweka kifuniko cha chuma na ndoo moja tu ya kisima, inayoning'inia kwenye roda na isiyogusa chini. Mchotaji humimina kutoka ndoo hiyo kwenda mtungini mwake.

Gharama: saruji mifuko 9, shilingi 7,020, mchanga na kokoto 6,500, chuma na kifuniko 5,900, fundi na msaidizi 9,600. Jumla ni shilingi 29,020. Tulitia klorini tena kwa kipimo kile kile baada ya kupima kina upya, maana mvua zilikuwa zimekipandisha hadi mita 2.9 na unga ukawa gramu 252.

12 Juni 2025: majibu baada ya ujenzi, na ushauri

Sampuli zilichukuliwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya klorini, siku mbili baada ya mvua kubwa. E. koli ni 4 kisimani na 5 kwenye ndoo. Nitrati ni 60, kloridi 92. Matokeo yako kama jaribio la chumvi lilivyotabiri: njia fupi imezibwa kwa kiasi kikubwa, na ndoo haiongezi uchafu wa maana, lakini njia ndefu kutoka chooni haikuguswa na saruji yetu.

E. koli 4 bado si sifuri, hivyo maji haya hayanyweki bila kutibiwa. Hapo ndipo ushauri unapohitaji uangalifu, kwa kuwa tiba ya tatizo moja huzidisha jingine. Kuchemsha huua bakteria, lakini nitrati haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, nitrati hubaki sufuriani, kiasi kwamba lita moja yenye 63 ikichemka mpaka ikabaki mililita 900 itakuwa na 70. Klorini na kitambaa cha kuchujia pia haviigusi nitrati. Anayedhurika hasa ni mtoto mchanga anayenyweshwa kwa chupa, kwa sababu nitrati mwilini mwake huweza kuizuia damu kubeba oksijeni, na hatari huongezeka akiwa na kuhara. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee hayumo katika hatari hiyo, hata mama akinywa maji haya yakiwa yametibiwa.

Katika mkutano, bibi mmoja alisema kwamba mjukuu wake wa miezi mitatu hukorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima yaliyochemshwa vizuri sana, mara mbili, kwa kuwa alifundishwa kwamba kuchemsha ni usalama. Alifundishwa ukweli kuhusu vijidudu. Tulimweleza kwamba kwa mtoto huyo maji ya kioski ndiyo yanayofaa, nayo pia yachemshwe, na kwamba mtungi mmoja wa shilingi 5 unatosha maziwa ya siku kadhaa. Kamati imekubali kumlipia yeye na nyumba nyingine yenye mtoto wa chupa kutoka kwenye zile shilingi 2 za kisima.

Tangazo lililobandikwa pale ripoti ya zamani ilipokuwa limeandikwa hivi:

"Maji haya yanafaa kufulia, kuosha nyumba na kuoga. Kwa kunywa na kuosha mboga zinazoliwa mbichi, yatibiwe kwanza: yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini ya asilimia 1.2, kizibo kimoja cha mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, yakae dakika 30. Maji haya yasitumiwe kukoroga maziwa au uji wa mtoto aliye chini ya miezi sita, hata yakichemshwa. Mtoto wa chupa akibadilika rangi kuwa ya bluu midomoni au kucha, apelekwe hospitali mara moja, na mhudumu aambiwe kwamba amekunywa maji ya kisima. Yalipimwa 12 Juni 2025. E. koli 4, kikomo 0. Nitrati 60 mg/L NO3, kikomo 45."

Kizio kimeandikwa kwa makusudi, ili atakayekuja na ripoti nyingine aweze kulinganisha.

Choo cha mita 11 bado kinatumika. Mwenye nyumba amekubali kwamba shimo likijaa halitazibuliwa bali litafukiwa, na jipya litachimbwa upande wa chini wa mteremko, na tumekwisha kulipima eneo hilo kuwa mita 34 kutoka kisimani. Hata baada ya hapo nitrati haitashuka upesi, kwa sababu iliyokwisha kuingia ardhini itaendelea kusafiri.

Sampuli zinazofuata ni za Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea: E. koli na nitrati tu, shilingi 2,300. E. koli akizidi 10, jaribio la chumvi litarudiwa kwenye sakafu mpya kabla ya kununua klorini. Nitrati ikipita 100, kisima kitabaki cha kufulia na kusafishia peke yake, na tangazo litabadilishwa siku hiyo hiyo.